Vilio Ishirini na Vitatu

Mdogo wangu Efrazia alikuwa na hesabu yake kabla sijamletea yangu, na hesabu yake ilikuwa fupi. Wilaya ya Lushoto, alisema, ina watu zaidi ya laki tatu. Nusu yao ni wanawake. Kila mwanamke ana kichwa.

"Kwa hiyo, kaka, nikipata mmoja tu katika kila mia, nina vichwa elfu moja na mia tano. Mmoja tu katika mia! Hata nikilala mpaka saa nne asubuhi, huyo mmoja atanikosa kweli?"

Nilitabasamu kwa upole wa mtu aliyesoma. Leo nikilikumbuka tabasamu lile natamani lingekuwa la mtu mwingine.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam mwaka huo, baada ya shirika la umma nililolitumikia kuuzwa na sisi maofisa mipango kuambiwa kwamba mipango sasa itafanywa na soko lenyewe. Kazi yangu kule ilikuwa kukadiria mahitaji ya nchi nzima kwa bidhaa ambazo ghalani hazikuwamo. Niliifanya kwa uangalifu mkubwa. Nilipofika Lushoto na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, nilimkuta Efrazia akiishi kwa cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yetu. Mchana alishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Usiku aliota saluni. Alikuwa amejifunza kazi ya nywele Tanga kwa mwaka mzima, kuweka kari ya kukunja nywele, kuseti, kusuka kila mtindo, na sasa kwa kuwa dawa za nywele zilikuwa zimejaa madukani kuliko sukari ilivyopata kujaa zamani, aliona wakati wake umefika.

Mzee Sharifu, mwenye nyumba karibu na soko, alikuwa na chumba kikubwa kinachotazama barabara. Alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha hiyo Efrazia hakuwa nayo, ila alikuwa na cherehani ya kuuza. Fundi Selemani alikwisha kuitazama, akaisifu, akasema ataifuata Jumamosi. Mambo yalikuwa yamesimama hapo: saluni ikijaa, cherehani ya mama itakuwa imepata mrithi, isipojaa, mdogo wangu atakuwa amebaki bila chombo cha kazi hata kimoja, na mimi ndiye tegemeo lake lililobaki. Mtu yeyote aliyeniona wakati ule atakubali kwamba hilo halikuwa tegemeo.

"Usianzie juu," nilimwambia. "Ukianza na wilaya nzima ukasema utachukua moja kwa mia, hujakadiria kitu, umetamani tu. Nani kakupa hiyo moja? Anza chini. Anza na kiti kimoja, na mwanamke mmoja anayeweza kutembea mpaka kwenye kiti hicho. Yuko nyumba gani? Wako wangapi kama yeye? Husuka mara ngapi kwa mwezi? Ukijua hayo, ndipo upande polepole mpaka upate jumla."

"Na wewe utaniuliza hayo maswali?"

"Nitawauliza wao."

"Haya, kaka," alisema akikata uzi kwa meno. "Ila kumbuka Jumamosi haingojei utafiti."

Nilianza vizuri, natamani hilo liandikwe mahali. Nilitandaza ramani ya mji, nikaweka sahani ya chai juu ya nyumba ya Mzee Sharifu, nikachora duara kuizunguka: mwendo wa nusu saa kwa miguu. Efrazia alikuja kuchukua sahani yake, akatazama duara.

"Huku ni korongo, kaka. Mteja ataruka?"

Nilifuta upande wa korongo.

"Na hawa wa kule juu watashuka nusu saa, sawa. Watapanda saa nzima. Na mvua ikinyesha dawa yote imeoshwa bure."

Nikafuta na upande wa juu. Duara langu likabaki na umbo la kiatu kilichokanyagwa na lori, lakini lilikuwa kweli. Ndani yake kulikuwa na mabalozi arobaini wa nyumba kumi kumi. Sikuzidisha arobaini kwa kumi, kwa maana ninajua nyumba kumi za balozi hazijapata kuwa kumi tangu zilipoanzishwa: nilikwenda kwa balozi mmoja mmoja nikauliza, na wastani ukatoka nyumba kumi na mbili. Nyumba mia nne na themanini. Katika kila nyumba, wanawake wawili wa umri wa kutengeneza nywele. Kina mama na mabinti mia tisa na sitini. Wanawake wanaokuja gulioni na mboga kutoka vijiji vya mbali niliwaacha nje makusudi, kwani biashara ya mtaa huhesabiwa kwa wakazi wa mtaa. Nililiandika hilo kama kanuni na kulipigia mstari.

Kisha kwa kila balozi nilichagua nyumba moja kwa kura, nikaenda kumhoji mwanamke mmoja. Mahojiano arobaini. Nilikaa barazani, mchana kweupe, mlango wazi, kama inavyompasa mwanamume anayewauliza wake za watu habari za nywele zao. Hata hivyo mume mmoja alitoka na jembe, akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza. Sikumlaumu. Katika daftari nilimjumlisha chini ya hali ya hewa.

Maswali yangu yalikuwa mawili tu, yaliyochongwa kwa makini. Mwezi uliopita ulisukia wapi? Na ulisukia nini?

"Kwa jirani," alijibu mama wa kwanza. "Twende kilioni."

Niliteremsha kalamu. "Poleni sana, mama."

Alinitazama kidogo. "Asante," alisema, kwa sauti ya mtu anayepokea kitu asichojua atakiweka wapi.

Nyumba ya tatu jibu lilikuwa hilohilo. Ya nne vilevile. Nyumba ya sita binti mmoja mchangamfu alicheka alipotaja kilio, nami nikajiambia kwamba huzuni ina njia nyingi. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa na vilio ishirini na vitatu katika nyumba arobaini. Wanawake tisa wengine walikuwa wameweka dawa au kuseti kwa Modesta, mwenye saluni ya stendi, nao walinitajia na bei bila kuulizwa, wakilalamika. Wanane hawakuwa wamesuka kokote. Walifunga kitambaa wakaendelea na shamba.

Msomaji asinidhanie mjinga kabisa. Wingi ule wa misiba ulinishtua. Nililitafakari jambo hilo usiku mmoja mzima na asubuhi nikawa na maelezo: kilio kimoja hukusanya mtaa mzima. Wakifa watu wawili au watatu kwa mwezi katika nyumba karibu mia tano, wanawake wengi watasuka ili waende kulia kwa heshima. Jambo hilo lilikuwa na mantiki na lilikuwa na utamaduni ndani yake, na mimi hupenda sana takwimu ikikutana na utamaduni. Nilianza hata kuandika maelezo ya chini ya ukurasa kuhusu nafasi ya msuko katika maombolezo ya Washambaa.

Bei? Sikuwauliza wale ishirini na watatu bei. Nani atamwuliza mfiwa amelipia msuko wake shilingi ngapi?

Ijumaa alasiri nilileta matokeo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba. Efrazia alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, kichwa chake katikati ya magoti ya Hadija, jirani yetu, ambaye alikuwa akimsuka huku akisimulia habari ya harusi fulani ya Bumbuli iliyokwisha wali kabla ya wageni kufika.

"Kaka yako kaja na makaratasi," alisema Hadija. "Tulia sasa, usigeuze shingo. Msomi, tusomee. Mimi masikio yangu hayana kazi."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilieleza duara na korongo. Nilieleza mabalozi, nyumba, wanawake mia tisa na sitini. Hadija aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, nami nikapata nguvu.

"Sasa tunafika kwenye kiini," nilisema. "Wateja wa dawa na kuseti ni tisa katika arobaini. Kwa mtaa mzima ni wanawake mia mbili na kumi na sita. Wao huenda mara moja kila miezi miwili, kwa hiyo ni vichwa mia na nane kwa mwezi. Si haba. Lakini hilo ni tawi tu. Shina la soko hili ni misiba."

Vidole vya Hadija vilisimama. "Ni nini?"

"Misiba. Wanawake ishirini na watatu katika arobaini walisukia kilio mwezi uliopita. Kwa mtaa mzima, vichwa mia tano hamsini na viwili kila mwezi. Na uzuri wa soko hili, kama mtaniruhusu neno hilo, ni kwamba halina msimu. Kipaimara ni Jumapili moja kwa mwaka, harusi hukoma mwezi wa Ramadhani na Kwaresima, kilio hakikomi. Jumla ni vichwa mia sita na sitini. Efrazia peke yake anaweza vinne kwa siku, tuseme mia na vinne kwa mwezi. Kwa hiyo chumba kikubwa cha Mzee Sharifu ndicho hasa kinachofaa. Viti sita, na wasaidizi watano. Na jirani wanaosuka sasa hivi bila utaratibu tunaweza kuwashinda kwa ubora wa huduma."

Efrazia alisema kutoka magotini, taratibu, "Kaka. Vilio ishirini na vitatu. Nani kafa?"

"Sikuuliza majina."

"Mtaa huu huu? Mwezi uliopita? Mimi nilikuwa wapi?"

"Tumezikwa sisi, Efrazia," alisema Hadija, "ndiyo maana hatuna habari." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya muuguzi anayetafuta panapouma, "Walisemaje hao kina mama, kwa maneno yao wenyewe?"

"Walisema: twende kilioni."

Hadija alivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Halafu akaachia kitana, akajiinamia juu ya kichwa cha mdogo wangu, na kicheko chake kikapita baraza, kikapita migomba, kikafika nyumba ya tatu, ambako mtu aliuliza kwa Kishambaa kuna nini, na Hadija, adui wangu, akamjibu kwa Kishambaa kwa urefu. Nyumba ya tatu nayo ikacheka.

"Njoo," alisema akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Njoo, shemeji wa vitabu, uone maiti." Alikiinamisha kichwa cha Efrazia. Mistari ilitoka kwenye paji la uso ikaenda moja kwa moja kisogoni, myembamba, sawasawa, kama matuta ya viazi yanayoshuka mteremko. "Huyu hapa. Huu ndio twende kilioni. Ni msuko! Mistari ya kurudi nyuma tu, haina madoido, unaisuka upesi. Zamani ukiitwa msibani huna muda wa kurembeka, wanakuvuta hivi, twende. Jina likabaki. Siku hizi tunasukana huu hata kwenda kisimani."

"Nilisema poleni," nilinong'ona. "Kwa kila mmoja."

"Na mimi nimesikia!" alisema Hadija. "Mke wa Ismaili aliniambia, kaka yake Efrazia ana adabu sana, ukimwambia umesuka anakupa pole kama umetoka leba."

Nilicheka na mimi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Efrazia peke yake hakucheka. Alijitoa magotini kwa Hadija, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akanyoosha mkono.

"Nipe karatasi."

Nikampa.

"Hao ishirini na watatu walisukwa na nani?"

"Jirani. Wadogo zao. Wengine…" nilitazama. "Saba wamesema, kwa Hadija."

"Na walikulipa nini, Hadija?"

"Kulipa?" Hadija alishangaa. "Leo mimi, kesho yeye. Mmoja alileta mapeasi. Wengine walileta umbea, na umbea mwingine ulikuwa mzee, nimeshausikia."

"Kwa hiyo hawa si wateja wangu," alisema Efrazia. "Hawa ndio wasiolipa. Kaka, umechukua watu wote wanaosukwa bure ukawafanya shina."

Njia ilikuwa sahihi kila hatua. Nilikuwa nimeipitisha juu ya neno moja nisilolijua, na kwa adabu nikaacha kuuliza swali pekee ambalo lingeniokoa. Ofisini kwetu kosa kama hilo lingepelekwa wizarani na kupigwa mhuri.

"Labda watakuja," alisema tena, sasa akinitazama mimi, na nilisikia katika sauti yake kile chumba kikubwa. "Wakiona mahali pazuri. Kioo kikubwa. Labda nusu yao."

Ningeweza kukubali. Alitaka nikubali. "Anayesukwa bure leo si soko bado," nilisema. "Anaweza kuwa soko siku moja. Lakini kodi ya Mzee Sharifu haitangoja siku hiyo."

"Hadija, wewe ungekuja?"

Hadija alifikiri kwa uaminifu. "Kwa harusi ya mdogo wangu ningekuja niweke kari, nilipe, nitambe. Kwa twende kilioni, mwanangu, magoti ya jirani yapo. Na kesho kutwa nabeba mzigo wa kuni kichwani. Nikalipie nywele ili ngata izilalie?"

Tukakaa chini, watatu, tukaanza tena kutoka chini. Wanaolipa: wanawake mia mbili na kumi na sita, vichwa mia na nane kwa mwezi. Efrazia akauliza kama hao wote watamhama Modesta. Nikasema hapana, tuweke nusu, na hata nusu ni ukarimu kwa mgeni katika kazi. Hamsini na vinne. Kiti kimoja, mikono ya mtu mmoja, kinabeba mia na vinne.

"Nusu ya siku nimekaa bure," alisema Efrazia.

"Nusu ya siku umekaa bure."

"Na chumba kikubwa kitakula nusu ile nyingine." Alifanya hesabu ya kodi kwa kidole kwenye mkeka, bila kuniuliza, na nilipoirudia kwa kalamu ilikuwa sawa. Hakuna kilichobaki cha unga wala cha dawa. Kisha akarudi magotini kwa Hadija. "Malizia. Siwezi kwenda kwa Mzee Sharifu na nusu kichwa."

Jumamosi asubuhi tulimkuta Mzee Sharifu akiota jua mbele ya nyumba yake. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia, akatazama mkono wa Efrazia kama umebeba bahasha.

"Baba, chumba kikubwa kimenishinda," alisema Efrazia. "Nataka kile kidogo cha ubavuni."

"Kile? Kile ni stoo. Kina viazi."

"Kina dirisha na kina waya wa umeme. Viazi havitumii umeme, baba. Na nitalipa kila miezi mitatu, si mwaka."

"Mtoto wewe! Juzi ulitaka jumba, leo unataka kibanda, na masharti juu. Huyu kaka yako msomi ndiye kakushauri?"

"Ndiye," alisema Efrazia.

Mzee Sharifu alinipima kuanzia viatu. "Huyu aliyekuwa akipita akiwapa wanawake pole?"

Nilitazama milima. Walibishana mpaka chai ikaletwa, na chai ilipokwisha Mzee Sharifu alikuwa amekubali miezi mitatu na Efrazia amekubali kuviondoa viazi yeye mwenyewe. Tukavihamisha mimi na yeye. Tulikuwa katika gunia la mwisho Fundi Selemani alipotokea na mkokoteni wa kuchukulia cherehani.

"Shikamoo, fundi," alisema Efrazia akijifuta vumbi. "Nimekusumbua. Haiuzwi."

"Marahaba. Tulikubaliana, binti."

"Tulikubaliana nikiwa na vichwa mia sita na sitini. Vimefariki mia sita."

Fundi Selemani hakuelewa, nasi hatukumweleza. Alinung'unika kuhusu mkokoteni aliokodi, na Efrazia akaukodi yeye papo hapo kuleta cherehani kutoka nyumbani. Tuliiweka chini ya dirisha. Kiti kimoja kikawekwa upande wa pili, na kioo ambacho si kikubwa. Kwa nusu ya siku isiyo na vichwa, alisema, atashona.

Mwezi wa kwanza vilikuja vichwa hamsini na saba. Niliposikia nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyetangazwa bungeni. Hamsini na vinne nilikadiria, hamsini na saba vikaja!

"Usiruke," alisema Efrazia, mguu kwenye pedali. "Wa mitaa yako ni thelathini na mmoja. Hujamnyang'anya Modesta nusu."

"Na waliobaki?"

"Wa gulioni. Wakimaliza kuuza mboga hupita hapa. Wanataka kurudi kwao wakiwa wameseti, waume wao waone walikuwa mjini."

Wale niliowaacha nje kwa kanuni iliyopigiwa mstari. Makosa yangu mawili yalikuwa yamekutana njiani, yakasalimiana kwa heshima, yakanipa jibu lililo karibu na sahihi. Nilikuwa nikitafuta namna ya kulieleza hilo ili lifanane na maarifa, mwanamke mmoja alipoingia na kikapu kitupu cha kabichi mkononi, akanikuta, akasita mlangoni.

"Karibu, mama," alisema Efrazia. "Kaka, toka. Hawapendi kufunguliwa kitambaa mbele yako."

Nilitoka. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilisimama chini ya upenu, mikono mifukoni, na nyuma yangu nikasikia cherehani ikinyamaza na maji yakimiminwa kwenye beseni.